Derive na integrali kutoka picha ya daftari: maswali tunayoulizwa kila mara Lubumbashi

Picha zinatufikia kwa simu kutoka mitaa ya Katuba, Kenya na Kamalondo, na hata nje ya mji. Nyingi ni za wanafunzi wa darasa la sita la sekondari wanaojiandaa kwa egzetat, nyingine za vijana wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu ambao analizi imewakalia vibaya. Kila picha ni karatasi iliyoandikwa kwa biki, na ombi ni lilelile: «Mwalimu, nitafutie derive na integrali, na uandike kanuni kila hatua.» Majibu yafuatayo yanatumia karatasi moja ya mfano yenye mistari minne:

(1) f(x) = x² sin 3x, tafuta derive
(2) g(x) = x² + 1 juu ya x − 3, tafuta derive
(3) ∫ x e^(2x) dx
(4) ∫ sin² x dx

Mwalimu, nimetuma picha, mbona unaniuliza maswali badala ya kuhesabu?

Kwa sababu kanuni huchaguliwa na umbo la msemo, na umbo hilo liko kwenye alama ndogo kuliko zote katika picha. Tazama mstari wa (3). Pale juu ya e kuna alama mbili ndogo, x na 2. Picha ikiwa na ukungu kidogo, huwezi kujua kama kimeandikwa e^(2x) au e^(x²). Ukisoma e^(2x), utaintegrali kwa sehemu. Ukisoma e^(x²), utabadilisha kigeu na kazi itaisha kwa mistari mitatu. Kanuni ni mbili tofauti na majibu ni mawili tofauti, na kila moja ni sahihi kabisa kwa msemo wake. Mtu anayekimbilia kuhesabu anaweza kukupa ukurasa mzima usio na kosa hata moja, kumbe ni jibu la swali ambalo hukuulizwa.

Ndiyo maana kitu cha kwanza tunachorudisha si jibu. Tunanakili karatasi yako upya, kwa mabano, na kukuuliza: «Ndivyo ilivyoandikwa kwenye tablo?» Ukisema ndiyo, tunaanza.

Picha ipigwe namna gani?

Mchana, karibu na dirisha, simu ikiwa juu ya karatasi moja kwa moja bila kuinamishwa. Umeme ukikatika usiku na ukatumia tochi ya simu hiyohiyo, mwanga unarudi kwenye karatasi na kufuta doa moja katikati, mara nyingi palepale penye kipeo. Shika tochi ya simu nyingine kwa pembeni.

Shida kubwa zaidi ni karatasi yenyewe. Daftari la miraba lina mistari ya bluu iliyolala, na kwenye picha hafifu mstari wa bluu hugeuka kuwa alama ya kutoa, au kuwa mstari wa sehemu. Nimeona «3x» ikisomwa «−3x» kwa sababu hiyo tu. Ukiweza, nakili zoezi kwenye karatasi tupu, herufi kubwa, vipeo vikiwa vimepanda vizuri juu. Usisahau pia kwamba kwetu nukta katikati ya namba na herufi ni kuzidisha, na desimali ni koma: 2.5x tunaweza kuisoma «mbili mara 5x», yaani 10x, ilhali ulitaka 2,5x.

«Kuandika kanuni kila hatua» maana yake nini hasa?

Maana yake kila alama ya usawa iwe na sababu yake pembeni. Wengine huandika «derive» pembeni mwa kila mstari na kuona wamemaliza. Hilo halisaidii, ni kama mtu aulizwe njia ya kwenda Kasumbalesa ajibu «barabara». Tunataka jina la kanuni iliyokuruhusu kutoka mstari wa juu kwenda wa chini. Na pale ambapo hukutumia kanuni ya analizi bali ulipanga tu herufi, andika «kurahisisha», ili anayesahihisha ajue hapo hapajatokea derive yoyote.

Mstari wa (1), x² sin 3x:

Vitu viwili vinazidishwa, x² na sin 3x. Kanuni ya zao: (uv)′ = u′v + uv′.
f′(x) = (x²)′ · sin 3x + x² · (sin 3x)′

Kwa (x²)′, kanuni ya kipeo: kipeo kinashuka mbele, kisha kinapungua kwa moja.
(x²)′ = 2x

Kwa (sin 3x)′, kanuni ya mnyororo, kwa kuwa ndani ya sin hamna x peke yake bali 3x. Derive ya nje ni cos 3x, derive ya ndani ni 3.
(sin 3x)′ = 3 cos 3x

Kurahisisha:
f′(x) = 2x sin 3x + 3x² cos 3x

Kosa tunaloliona hapa kuliko yote ni ile 3 kupotea, na mwanafunzi kubaki na x² cos 3x. Aliyeandika jina «mnyororo» pembeni mara nyingi hujikumbusha mwenyewe kwamba mnyororo una pete mbili, ya nje na ya ndani. Asiyeandika hupita bila kuona. Ukilinganisha makaye, hiyo 3 inakosekana zaidi kwa wale wasiopenda kuandika majina.

Kwenye (2) mstari wa sehemu unaishia wapi, na inabadilisha nini?

Inabadilisha kila kitu. Kama mstari unafunika x na −3 yote, msemo ni (x² + 1)/(x − 3). Kama unaishia chini ya x, na −3 imekaa pembeni, msemo ni (x² + 1)/x − 3. Kwenye kaye la miraba yote mawili yanafanana sana.

Usomaji wa kwanza unahitaji kanuni ya mgawanyo: (u/v)′ = (u′v − uv′)/v².
u = x² + 1, u′ = 2x (kipeo, na derive ya 1 ni sifuri)
v = x − 3, v′ = 1
g′(x) = [2x(x − 3) − (x² + 1)·1] / (x − 3)²
Kurahisisha: g′(x) = (x² − 6x − 1)/(x − 3)²

Usomaji wa pili hauhitaji kanuni ya mgawanyo hata kidogo. Unagawa kwanza: (x² + 1)/x − 3 = x + 1/x − 3. Kisha kanuni ya jumla na kanuni ya kipeo, ukiandika 1/x kuwa x⁻¹, na derive ni 1 − 1/x².

Wakati mwingine karatasi yenyewe inakusaidia kuamua. Kama chini yake mwalimu ameandika sharti x ≠ 3, basi x − 3 ndiyo iko chini. Kama ameandika x ≠ 0, −3 iko nje. Sharti hilo wanafunzi wengi huliacha nje ya picha wakidhani ni pambo. Tafadhali lipige pia.

Na ndani ya mgawanyo, angalia sana ile alama ya kutoa. Ni u′v kwanza, halafu uv′. Ukizigeuza, jibu lote linageuka ishara. Mabano ya (x² + 1) nayo si ya urembo: bila hayo, 1 inabaki na alama ya kujumlisha na unapata x² − 6x + 1.

Sasa ule mstari wa (3). Nitajuaje ni e^(2x) au e^(x²)?

Njia ya kwanza ni kumuuliza aliyekuwa darasani. Ya pili ni kuangalia majibu ya kuchagua, kwa sababu mazoezi ya kujiandaa na egzetat huja na majibu kadhaa chini yake. Tuseme integrali ina mipaka 0 na 1. Kwa e^(2x) jibu ni (e² + 1)/4, takriban 2,097. Kwa e^(x²) jibu ni (e − 1)/2, takriban 0,859. Ukiona e² kati ya majibu, mwandishi alikusudia 2x. Ukiona e bila kipeo, alikusudia x². Huo si udanganyifu. Unatafuta swali, hujatafuta jibu bado.

Tuchukue kwamba ni e^(2x), kama tulivyonakili juu.

∫ x e^(2x) dx

Zao la vitu viwili visivyozaliana: derive ya 2x ni 2, haina x, kwa hiyo kubadilisha kigeu hakuwezi kumeza ile x ya mbele. Integrali kwa sehemu: ∫ u v′ = uv − ∫ u′ v.
u = x, u′ = 1 (kipeo)
v′ = e^(2x), v = e^(2x)/2 (kubadilisha kigeu, t = 2x)

Tunaweka ndani ya fomula:
= x e^(2x)/2 − ∫ e^(2x)/2 dx

Kizidishi kisichobadilika kinatoka nje:
= x e^(2x)/2 − (1/2) ∫ e^(2x) dx

Kubadilisha kigeu tena, t = 2x:
= x e^(2x)/2 − e^(2x)/4 + C

Kurahisisha:
= e^(2x)(2x − 1)/4 + C

Ukichagua kinyume, yaani u = e^(2x) na v′ = x, kanuni haijavunjwa. Lakini v inakuwa x²/2, na integrali iliyobaki ina x² e^(2x), nzito kuliko ile uliyoanza nayo. Hiyo ndiyo dalili ya kuchagua vibaya: kipeo cha x kinapanda badala ya kushuka. Simama hapo, rudi, badilisha.

Na kama ni e^(x²)? Derive ya x² ni 2x, na ile x ya mbele ndiyo inayotakiwa. Kubadilisha kigeu: t = x², dt = 2x dx, kwa hiyo x dx = dt/2. Integrali inakuwa (1/2) ∫ e^t dt, yaani e^(x²)/2 + C. Ukijaribu kwa sehemu hapa, na v′ = e^(x²), utakwama mara moja, kwa sababu ∫ e^(x²) dx haina jibu la kuandika kwa funksio za kawaida.

Haina jibu kwa vipi? Si kila integrali ina jibu?

Eneo chini ya mchoro lipo, na unaweza kulikadiria kwa namba. Kisichokuwepo ni msemo uliojengwa kwa vipeo, mizizi, sin, ln, e na kadhalika ambao derive yake ni e^(x²). Mfaransa Joseph Liouville alilithibitisha jambo la aina hii katika miaka ya 1830. Kwetu tunaosoma picha, habari hii ni ya manufaa sana, na mstari wa (4) unaonyesha kwa nini.

Kwenye (4), sin² x, sin x² na sin 2x si karibu kitu kimoja?

Hapana, na hapo ndipo picha hutuchezea zaidi. Ni ile 2 moja tu inayohama mahali.

Kwa derive, misemo yote mitatu inakubali, kila mmoja kwa njia yake, na yote kwa mnyororo. Katika sin² x, nje ni kipeo na ndani ni sin: 2 sin x cos x. Katika sin x², nje ni sin na ndani ni x²: 2x cos x². Katika sin 2x: 2 cos 2x.

Kwa integrali mambo ni mengine. ∫ sin 2x dx ni −cos 2x / 2 + C, mstari mmoja. ∫ sin x² dx ni ya kundi lile lisilo na jibu la funksio za kawaida. Ni moja ya zile zinazoitwa integrali za Fresnel, kwa jina la Augustin Fresnel aliyezitumia katika kuchunguza mwanga. Mwalimu wa darasa la sita hawezi kukupa hiyo. Kwa hiyo ukiwa unasitasita kati ya sin² x na sin x² ndani ya integrali ya shule, karibu kila mara ni sin² x.

Hatua zake:

Kubadili umbo kwa kitambulisho cha trigonometria, kabla ya kugusa integrali: sin² x = (1 − cos 2x)/2.
∫ sin² x dx = ∫ (1 − cos 2x)/2 dx

Kizidishi kisichobadilika na kanuni ya jumla:
= (1/2) ∫ 1 dx − (1/2) ∫ cos 2x dx

Kipeo kwa ya kwanza, kubadilisha kigeu (t = 2x) kwa ya pili:
= x/2 − (1/2) · (sin 2x)/2 + C

Kurahisisha:
= x/2 − sin 2x / 4 + C

Wapo wanaoandika sin³ x / 3, wakidhani kanuni ya kipeo inafanya kazi kwa chochote chenye 2 juu yake. Tafuta derive ya sin³ x / 3 kwa mnyororo: utapata sin² x · cos x. Hiyo cos x ya ziada ndiyo inayokushtaki.

Nitahakikishaje mwenyewe bila kusubiri jibu lenu?

Integrali ina njia nzuri: chukua jibu, tafuta derive yake, uone kama unarudi ulikotoka. Kwa (3), kanuni ya zao pamoja na mnyororo juu ya e^(2x)(2x − 1)/4 inatoa [2e^(2x)(2x − 1) + 2e^(2x)]/4. Ndani ya mabano −2 na +2 zinafutana, inabaki 4x e^(2x)/4, yaani x e^(2x). Umefika. Kama mwisho wa safari unapata kitu kilichozidi kwa mara 2 au kupungua kwa nusu, kosa liko kwenye kubadilisha kigeu. Kama unapata alama iliyogeuka, tafuta penye sin na cos.

Kwa derive, tumia kalkuleta. Hesabu funksio kwenye x = 1,01 na x = 0,99, toa ya pili kwenye ya kwanza, gawa kwa 0,02. Kwa (2), g(1,01) ni takriban −1,01513 na g(0,99) ni takriban −0,98512. Tofauti ni kama −0,03, na ukigawa unapata karibu −1,5. Fomula yetu kwenye x = 1 inatoa −6/4, yaani −1,5 hasa. Kulingana huko hakuji kwa bahati.

Kwa (1), kalkuleta iwe kwenye radiani. Hili limewachanganya wengi: wamepata derive sahihi kabisa, wakaihakiki kwenye digrii, wakaifuta. Kwenye radiani jaribio hilo linatoa karibu −2,688, sawa na fomula 2 sin 3 + 3 cos 3. Kwenye digrii jaribio linatoa karibu 0,157, hata alama si ileile. Fomula za derive za sin na cos tunazotumia zote zimejengwa juu ya radiani.

Mwenzangu amepata (x − sin x cos x)/2 + C kwenye (4). Nani kakosea?

Hakuna. sin 2x ni 2 sin x cos x, kwa hiyo sin 2x / 4 ni sin x cos x / 2. Yeye amepita kwa sehemu, wewe umepita kwa kitambulisho. Majina ya kanuni yanatofautiana na yote mawili yanakubalika. Kuna hata kesi ambapo majibu hayalingani kwa namba yoyote na bado yote ni sahihi: kwa ∫ sin x cos x dx mmoja huandika sin² x / 2 na mwingine −cos² x / 2. Tofauti yao ni 1/2 popote, na hiyo 1/2 inaingia ndani ya C.

Kwa hiyo C ni lazima?

Kwenye integrali isiyo na mipaka, ndiyo. Yenye mipaka haiihitaji, kwani inafutana.

Nina kompyuta. Naweza kuitumia kuhakiki?

Unaweza, na faida yake ya kwanza ni kwamba kuandika kwa kibodi kunakulazimisha uamue umesoma nini, maana kibodi haina kipeo chenye ukungu. Kwenye Python, maktaba ya SymPy inatosha:

```
from sympy import *
x = symbols('x')
print(simplify(diff(exp(2*x)*(2*x - 1)/4, x)))
print(integrate(sin(x)**2, x))
print(integrate(sin(x**2), x))
```

Mstari wa `diff` unakurudishia `x*exp(2*x)`. Linganisha miwili ya mwisho: `sin(x)**2` na `sin(x**2)`. Wa kwanza unatoa jibu la kawaida, wa pili unatoa kitu chenye neno `fresnels`. Ukiona neno hilo kwenye zoezi la shule, rudi kwenye picha, umesoma 2 mahali pasipo pake. Jihadhari pia na `log`: kwenye SymPy ni ln, ilhali kwenye kaye lako log ni ya msingi wa 10, na derive yake ni 1/(x ln 10).

SymPy haikupi majina ya kanuni, inakupa jibu tu. Hatua na majina unayaandika wewe.

Naweza kutuma kurasa nyingi kwa mara moja?

Ukurasa mmoja kwa picha moja, na namba ya zoezi ionekane. Ukipiga kurasa mbili pamoja, vipeo vya katikati, pale kaye linapokunjwa, ndivyo vinavyopotea.